Namba ya Zita

Kabla hajaumia, Zita Projestus alikuwa akikata tiketi za mabasi kwenye njia panda ya Nyakanazi, na sauti yake ilifika kabla yake. Abiria akishuka kutoka Kahama, akiwa hajui ashike njia ya Ngara, ya Biharamulo au ya Kibondo, Zita alimpokea kwa maneno mawili matatu, na kabla vumbi halijatulia alikuwa ameshajua anakwenda kwa nani, ana mzigo gani, na kama ametia kitu tumboni. Hakuwa mtu wa kusukumana. Wapiga debe wanaume walishika watu mikono na kuwavuta mabegi; yeye alizungumza tu, na watu wakamfuata.

Alivunjika uti wa mgongo kwenye pikipiki, akienda Nyamahanga kumsalimia mama yake. Mwendeshaji alichubuka kiwiko. Zita alikaa hospitali mpaka mvua za vuli zikapita, na siku aliyotoka, miguu haikutoka naye. Mumewe, Renatus, alimfikisha kwa Ansbert, kaka yake Zita, nyuma ya maegesho ya malori pale pale Nyakanazi, akasema ni kwa muda kidogo tu, mpaka apange mambo. Mambo aliyopanga yalisikika baadaye: ameoa Geita.

Ansbert alikuwa fundi wa matairi. Mikono yake ilikuwa myeusi hata siku ya Jumapili, na ilikuwa na nguvu za kumnyanyua dada yake kama anavyonyanyua mtoto. Alimtoa kitandani asubuhi, akamweka kwenye kiti cha magurudumu, akampeleka chooni, akamrudisha. Mkewe, Yuster, alimwogesha. Hakuna aliyenung'unika kwa sauti. Zita alijifunza kuomba maji kidogo na kunywa kidogo zaidi, ili asimsumbue mtu kumpeleka chooni.

Watu wa Nyakanazi hawakumsahau. Walikuja kumjulia hali, na kila mgeni alikuja na wazo la biashara mkononi kama ambavyo angekuja na sukari. Mmoja alisema afuge kuku. Zita akauliza nani atawafukuza wakiingia kwenye maharage ya jirani. Mwingine akasema akaange maandazi. Lakini karai la mafuta ya moto kwa mtu asiyeweza kuruka nyuma ni jambo ambalo hata Yuster alilikataa. Aliyesema uwakala wa kutuma na kupokea fedha alikuwa karibu na ukweli, ila kazi hiyo inataka mtaji wa kuanzia, leseni, na fedha taslimu ndani ya nyumba, na kibaka wa stendi hahitaji mbio nyingi kumshinda mtu wa kiti cha magurudumu.

Kisha wakaja watu wa kikundi kimoja cha msaada, na gari lao jeupe. Walipiga picha, wakahutubia kidogo juu ya kujitegemea, wakashusha cherehani. Ilikuwa mpya, inang'aa, na ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Zita alilitazama lile kanyagio la chuma pale chini. Akamtazama bwana aliyekuwa akisubiri ashukuru.

"Asanteni sana," alisema. "Mungu awabariki."

Wakapiga picha nyingine, wakaondoka. Cherehani ikawa ya Yuster, na Zita hakuona sababu ya kumwonea wivu. Lakini jioni ile alimwambia wifi yake, "Kila mtu anatazama mikono yangu. Mikono yangu haijawahi kujua kitu. Mimi nilikula kwa mdomo huu."

Biashara yake ilianza hivyo, kwa mdomo. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe ambayo Ansbert alimletea akiwa bado wodini, kwa kuwa ya kwanza iliibwa pale alipoanguka. Alimpigia Adventina, mama lishe aliyepika kwenye kibanda katikati ya malori, waliyejuana naye tangu enzi za stendi.

"Adventina, madereva wanaokula kwako wanalalamika nini siku hizi?"

"Wanalalamika nini tena? Kurudi watupu. Wanapeleka mzigo Kigali na Bujumbura, wakirudi gari tupu mpaka Dar es Salaam. Mafuta yaleyale."

Na Zita alikuwa amekulia Nyamahanga. Alijua kwamba huko, na Nyamigogo, mahindi na maharage hulala kwenye maghala ya udongo mpaka dumuzi wanayatoboa, kwa sababu mkulima mmoja hana mzigo wa kujaza lori, na lori halifuati magunia kumi porini kwa bahati nasibu. Akaanza kuunganisha. Alimpigia mkulima huyu na yule, akakusanya mzigo wa kijiji kizima kwa maneno, akapanga usubiri mahali pamoja, kwenye barabara ambayo lori linaweza kupita bila kukwama. Kisha akamtafuta dereva, na kabla ya dereva, tajiri yake, kwa sababu gari lina mwenyewe na dereva anayebeba mzigo wa siri atakuja kumtoa mtu machozi.

Alikuwa na maswali yake, na hakuna aliyepita bila kuyajibu. Kwa mkulima: mzigo umekauka? Umepimwa kwa mizani au kwa macho? Ushuru wa halmashauri umelipwa, na risiti ya mashine ipo? Kwa maana lori likisimamishwa kwenye geti la ushuru bila risiti, hasara inaanza pale. Kwa dereva: namba ya gari, jina la tajiri, umepita wapi mara ya mwisho, na nani atakudhamini Nyakanazi hii? Lumbesa, yale magunia yanayoongezewa kilemba juu mpaka yanashonwa kwa kamba, hakuikubali. Alisema kilo ni kilo. Mzigo ukishapakiwa, wenye gari walimtumia udalali wake kwenye simu, na wakulima wakamtumia salamu.

Msimu wa kwanza ulimshangaza mwenyewe. Wa pili haukumshangaza tena. Adventina aliandika namba ile kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kibanda chake, madereva wakainakili mbele zaidi, na ikawa inafahamika Ngara hadi Runzewe kama "namba ya Zita". Wengi hawakumjua kwa sura. Walijua sauti isiyo na haraka, inayocheka kidogo, inayokumbuka kwamba mtoto wako aliugua mwezi uliopita. Zita alinunua godoro jipya. Alinunua bati za upande wa jikoni uliokuwa ukivuja. Alianza kunywa maji.

Miongoni mwa waliompigia alikuwapo Mzee Muksini, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani na familia ikabaki. Alinunua maharage kwa wingi na kuyapeleka mbali. Alikuwa mtu wa adabu. Alianza simu kwa salamu ndefu, akamwita "Bi Zita", na mara nyingi alipomaliza mambo ya maharage alibaki hewani akimwuliza maoni yake juu ya bei, mvua, hata juu ya mkwe wake mvivu. Siku moja alisema, "Bi Zita, nataka mtu mmoja tu wa kuninunulia upande wote huo, Nyamigogo, Nyamahanga, kote. Nimewapima wengi kwa masikio. Nataka niwe na wewe. Ijumaa baada ya swala nitakuja tuonane, maana mambo makubwa hayamalizwi kwa simu."

Zita hakuwa amemwambia. Hakuwa amemficha pia, hajaulizwa tu. Ijumaa ile Yuster alimsuka, akamvalisha gauni la kanisani, akamsogeza barazani kwenye kivuli. Ansbert alifunga kazi mapema, akanawa mikono kwa sabuni ya unga.

Gari la Mzee Muksini lilisimama nje ya uzio. Aliingia na kanzu yake safi, akasalimu, macho yakizunguka ua.

"Namtafuta Bi Zita."

"Shikamoo mzee," Zita alisema. "Karibu. Ni mimi."

Sauti ilikuwa ileile, na yeye aliijua. Uso wake ulionyesha kwamba aliijua. Akaitazama miguu iliyofunikwa kitenge, akayatazama magurudumu. Kitu fulani kwenye uso wake kililainika, na Zita, aliyesoma nyuso za abiria miaka mingi, alijua pale pale kwamba ulaini ule ndio mwisho wa mazungumzo.

"Marahaba, binti yangu," alisema taratibu. "Subhanallah. Pole sana. Pole sana, binti."

Hakumwita tena Bi Zita. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akamgeukia Ansbert. Alimwuliza Ansbert ilikuwaje. Akamwuliza Ansbert anatumia dawa gani. Zita alipoanza kueleza habari za maharage ya Nyamigogo, kwamba ya njano yameanza kukauka na ni vizuri kuwahi kabla walanguzi wa Kahama hawajafika, mzee alimsikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama mtu anayesikiliza mgonjwa akiweweseka, kisha akamwambia kaka, "Kazi hii ina purukushani. Kuna kusimama kwenye mizani, kuna kwenda vijijini. Simtwishi mja wa Mungu aliyekwisha kutwishwa. Wewe ni ndugu yake, tena wajua malori. Tufanye mimi na wewe, na yeye atafaidika humo humo."

"Mzee," Zita alisema, "hiyo mizani misimu miwili hii nani alikuwa akiisimamia?"

"Najua, binti. Umejitahidi sana."

Alipoinuka alitoa noti, akazikunja, akaziweka juu ya kitenge, mapajani, mahali ambapo hakuna hisia. Zita hakuzihisi. Aliziona tu.

"Ansbert," aliita gari lilipoondoka. "Utamwambia hapana."

Ansbert alikuwa bado amesimama langoni. "Nimwambie hapana kwa nini? Si nyumba moja? Mimi nikipata, wewe umekosa?"

"Ni kazi yangu."

"Ni kazi yako, nani amekataa? Utakuwa unanielekeza."

Kesho yake asubuhi, baada ya kumtoa chooni, Ansbert alichukua simu iliyokuwa kitandani, akaiweka mfukoni mwa ovaroli. Alisema Mzee Muksini atapiga, na si vizuri apokee mwanamke halafu ampokeze tena mwanamume. Biashara inataka msemaji mmoja. Alisema pia amechoka kumwona akihangaika. Hakuwa na hasira. Alimwekea mto mgongoni kabla ya kuondoka.

Zita alimwomba jirani simu, akapiga kampuni ya simu. Dada wa huduma kwa wateja alimsikiliza vizuri, akamwuliza namba, akamwuliza jina. Kisha akasema laini hiyo imesajiliwa kwa jina la Ansbert Projestus. Kama mwenye laini anataka jambo lolote, aje mwenyewe, na kitambulisho chake cha taifa, na kidole chake.

Hapo ndipo Zita alipokumbuka wodi. Kusajili laini kunataka alama ya kidole, na yeye alikuwa amelazwa chali, hawezi kufika kwa wakala, na Ansbert akasema usijali, naweka yangu. Lilikuwa jambo la upendo. Alimshukuru kwa machozi. Na juu ya kidole kile cha kaka yake alijenga duka zima, miaka miwili, tofali kwa tofali, bila kuuliza kiwanja ni cha nani.

Angeweza kugombana. Alifikiria hivyo mchana kutwa, akipanga maneno, na maneno hayakuwahi kumpungukia. Lakini jua lilipotua Ansbert alirudi, akavua viatu, akaja kumnyanyua kwa mikono miwili kumpeleka chooni, na uso wake ukawa kwenye shingo ya kaka yake inayonuka mpira na jasho. Utamwambia nini mtu ambaye umemning'inia shingoni? Alinyamaza. Alinyamaza kesho yake pia. Watu walidhani ameridhika.

Ansbert hakuwa mwizi, wala hakuwa mjinga. Alikosa tu kile kitu. Alipokea simu akiwa ameshika spana, akasema "ehe, sema haraka". Hakuuliza habari za mtoto. Hakuuliza risiti ya ushuru, magunia ya watu wa Nyamahanga yakashinda kutwa kwenye geti mvua ikiyanyeshea. Kisha madereva wakamwambia lumbesa ndiyo biashara, na kwa kuwa alikula nao na kunywa nao, akaona haya kukataa.

Aliyekuja kulia alikuwa Bulugu, Msukuma mmoja wa makamo anayelima Nyamigogo. Aliuliza njia mpaka akafika, akasimama uani na kofia mkononi. Hakushtuka kuona kiti cha magurudumu. Alikitazama mara moja, akaendelea na shida yake.

"Dada Zita, ile mizani ilikuwa ya ulongo. Na magunia walitufungisha vilemba. Mimi nilisema, haiwezekani, hii ni namba ya Zita. Wakasema piga simu. Nikapiga, akapokea mwanaume, akanitukana."

"Sikuwa mimi, kaka."

"Najua haukuwa wewe. Lakini kule kijijini wanasema Zita ametuuza. Nimekuja nikusikie kwa masikio yangu."

Zita alimwomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya, maana jina lilikuwa lake hata kama laini haikuwa yake. Bulugu alipoondoka, alikaa akiwa amekodolea macho uzio. Hakulia. Yuster alikuwa kwenye cherehani, ameacha kukanyaga, nguo imesimama nusu ya mshono.

"Wifi," Yuster alisema bila kugeuka, "namba yako ya kitambulisho cha taifa unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Kesho Ansbert anakwenda Biharamulo kwa Mzee Muksini wake. Bajaji ya kututosha mimi nailipa."

Walikwenda. Yuster alimwingiza na kumtoa kwenye bajaji mwenyewe, watu wa stendi wakitazama. Wapo waliomjua Zita wakageuza macho kwa aibu. Mmoja alimpungia kwa mbali. Kijana wa usajili aliinama na kimashine chake, Zita akaweka kidole. Kilikataa. Akakipangusa kwenye gauni, akaweka tena, kikakubali. Laini mpya ikawa na jina lake. Ilimwuma kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi kile.

Ansbert alipojua, alimkasirikia mkewe siku nzima. Kwa wiki kadhaa alimbeba dada yake huku ameangalia pembeni. Namba ya zamani ilibaki kwake, na kwa muda iliendelea kuita, maana rangi ya Adventina ilikuwa nzuri na ukuta ulikuwa umeishika. Adventina aliifuta kwa tindo, akaandika mpya, lakini mbele huko, Runzewe, Ngara, kwenye kuta ambazo Zita hakuwahi kuziona, ile ya kwanza ilibaki. Mzee Muksini naye alimwacha Ansbert kabla msimu haujaisha. Hakumrudia Zita. Zita alisikia kwamba huko mjini, akimtaja, humwombea dua.

Alianza upya, na safari hii vibaya kuliko mwanzo. Mwanzo hakuna aliyemjua. Sasa walimjua, na walimjua kwa ubaya. "Wewe ndiye Zita wa lumbesa?" walimwuliza. Aliwaeleza mmoja mmoja, kwa sauti ileile isiyo na haraka, na usiku koo lilikuwa likimwasha. Bulugu alimsemea Nyamigogo. Nyamahanga walimsemea kwa sababu ya mama yake. Mwaka uliofuata mzigo ulirudi, si wote, lakini wa kutosha kumlipa msichana wa kumsaidia kunawa na kwenda chooni, ili asimning'inie mtu shingoni bila malipo. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolinunua.

Ila alibadilika. Ukimpigia utamsikia akicheka, ataulizia watoto, atakukumbusha risiti ya ushuru. Lakini mlango wake haujui mteja. Hataki kuonana na mtu.

Juzi alipigiwa simu na mkulima mmoja wa Nyamahanga ambaye maharage yake yalifika salama.

"Dada Zita, nimekukatia mkungu wa ndizi. Niko Nyakanazi hapa na baiskeli. Nielekeze nyumbani, nikuone japo mara moja. Mke wangu anasema sauti yako ni ya mtu mrefu."

Zita alikuwa barazani. Kutoka pale aliweza kuona, juu ya uzio wa matete, vichwa vya watu wanaopita barabarani, na kimoja kilikuwa kimesimama, mkono ukiwa sikioni.

"Lo, ndugu yangu, umenikosa," alisema. "Nimesafiri. Niko Kahama kwa mizigo. Mwachie Adventina pale kibandani, nitazikuta."

"Basi siku nyingine."

"Siku nyingine, Mungu akipenda. Msalimie mkeo. Mwambie ndiyo, mimi ni mrefu."

Kile kichwa kilibaki kidogo, kikageuka upande wa kibanda cha Adventina, kikaondoka. Zita alisubiri mpaka hakionekani, kisha akamwita msichana amsogeze ndani, maana jua lilikuwa limeanza kufika barazani.